Kutoka rendi nyeupe ya udongo hadi picha yenye mbao, mawe na chokaa: mwongozo kamili

Wanaojaribu kazi hii wengi wanakwama mahali pamoja. Wametoa rendi safi ya udongo kutoka Blender, nyumba nzima nyeupe, kivuli kimekaa vizuri. Wameipeleka kwenye programu ya kuzalisha picha, wakaandika kwamba wanataka mlango wa mbao na ukuta wa mawe. Kinachorudi ni nyumba ileile nyeupe yenye vumbi kidogo. Wakiongeza nguvu, mbao inatokea kweli, ila ngazi zilizokuwa tatu zimekuwa nne na dirisha limehamia upande wa pili.

Chanzo ni kimoja. Wewe ukiona weupe wa udongo unasema "hapa bado hapajapakwa rangi." Mashine haijui hilo. Kwake nyeupe ni rangi kama rangi nyingine, na ikiambiwa iiheshimu picha, itauheshimu na weupe wake. Mwongozo huu wote ni juu ya kutenganisha mambo mawili: umbo na mwanga, ambavyo lazima vibaki, na weupe, ambao lazima uondoke.

Mfano nitakaoufuata ni uso wa nyumba ya wageni iliyochorwa kwa mtindo wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ina ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa, mlango wa kuchonga wa mapande mawili, baraza kila upande wa mlango, ngazi tatu, madirisha mawili ya mbao, na kibaraza chenye dari ya boriti za mkoko. Nimeuchagua kwa sababu vitu hivi mashine haivijui vizuri. Ukiiachia nafasi, boriti za mviringo inazigeuza mbao za kupasuliwa, na baraza inaligeuza benchi la bustani.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Modeli ya nyumba ndani ya Blender, toleo la 4 au la baadaye.
- ComfyUI, programu ya kuzalisha picha, ikiwa na modeli ya SDXL, pamoja na ControlNet mbili za SDXL, yaani vielekezi vinavyoilazimisha modeli ifuate umbo: moja ya depth, inayofuata kina, na moja ya canny, inayofuata mistari ya kingo. Usichanganye na za SD 1.5, haziingiliani.
- Kadi ya picha. Yenye kumbukumbu ya GB 8 inafanya kazi kwa uvumilivu. GB 12 inakupa nafasi ya kupumua.
- GIMP au Krita ya kuunganisha na kukagua.
- Karatasi na kalamu. Utahesabu vitu, na usitegemee kichwa.

## Hatua ya 1: Jenga kila kitu usichotaka kibuniwe

Kanuni ni fupi: kisichokuwepo kwenye udongo, mashine itakibuni. Kwa hiyo boriti zijenge moja moja kama mitungi, hata kama ni kazi ya kunakili tu. Baraza lipe unene wake halisi. Mlango upe fremu, mapande mawili, na mfaa wa katikati uliochomoza mbele kidogo.

Nakshi za mlango ni uamuzi wako. Kama mteja ameshachagua nakshi, zijenge au zitoe kwenye picha ya mlango halisi baadaye. Kama bado, acha mbao tupu, mashine ijaze, na umwambie mteja waziwazi kwamba nakshi hizo ni za mfano.

Kila ngazi iwe kitu kinachojitegemea, isiunganishwe na mwenzake. Sababu itaonekana hatua ya 4.

Halafu chukua karatasi uandike hesabu. Kwangu ilikuwa: ngazi 3, boriti 14, madirisha 2, kila dirisha mapande 2. Orodha hii ndiyo itakayokuokoa mwishoni.

## Hatua ya 2: Vika udongo

Tengeneza material moja yenye Diffuse BSDF pekee, rangi ya kijivu chepesi, thamani kama 0.7. Usiweke 1.0. Nyeupe kamili hurudisha mwanga wote bila kuupunguza, mwanga unadunda kutoka ukuta hadi ukuta, na vivuli vya chini ya dari vinafifia. Bila vivuli hivyo, mashine haitajua kwamba dari ya kibaraza imekuja mbele.

Injini ikiwa Cycles, nenda View Layer, sehemu ya Override, weka material hiyo kwenye Material. Nyumba nzima inavaa udongo kwa mara moja bila kugusa material zako za asili.

Hapa pana mitego miwili. Kioo cha dirisha nacho kinageuka udongo na kuziba mwanga, hivyo kizime kwenye rendi kwa kubonyeza alama ya kamera iliyo mbele ya jina lake. Na miti ambayo majani yake ni vibao vyenye picha ya jani inageuka rundo la vibao vyeupe vya mraba. Izime pia. Mnazi wa pembeni mashine inaweza kuuchora yenyewe bila kudhuru nyumba.

Utajua umefaulu ukiweza kumwonyesha mtu asiyeijua nyumba hiyo, naye akakwambia bila kusita kipi ni ukuta, kipi ni baraza na kipi kimeingia ndani.

## Hatua ya 3: Weka jua mahali pake pa mwisho

Uelekeo wa jua utakaouweka hapa ndio utakaobaki. Awamu ya pili, ambapo ComfyUI inaivalisha nyumba material, inaweza kubadilisha rangi ya mwanga, ila ukiilazimisha kuhamisha kivuli itavuruga na umbo.

Tumia taa ya Sun, na Angle yake iongeze hadi nyuzi 5 au hata 10. Ya kawaida ya Blender ni takriban nusu nyuzi, sawa na jua lenyewe, na inatoa kivuli chenye ukingo mkali kama wembe. Kwenye picha ya kawaida ukingo huo unapendeza. Kwenye picha ya kuongozea unaleta balaa, maana mashine inausoma kama mstari wa umbo. Mara ya kwanza kuirendi nyumba hii, kivuli cha boriti kilipita mshazari kwenye ukuta, na picha iliyorudi ilikuwa na ufa mrefu wa ukuta mahali hasa kivuli kilipoishia. Mteja aliuliza kwa nini nyumba mpya imepasuka.

Upande wa Color Management, weka View Transform kuwa Standard ili thamani za udongo zitoke jinsi ulivyozipanga. Punguza nguvu ya jua mpaka sehemu yenye mwanga mwingi iwe nyeupe bila kuungua. Ukuta ulioungua hauna taarifa yoyote ndani yake. Ni karatasi tupu, na mashine itaandika inachotaka.

## Hatua ya 4: Toa picha tatu, si moja

Zote zitoke kwa kamera ileile na ukubwa uleule. Kwa SDXL natumia 1216 kwa 832. Ukitoa rendi ya 1920 kwa 1080 kisha ukaiacha programu ipunguze na kukata yenyewe, picha zako zitapishana kwa pikseli chache, na pikseli chache zinatosha kuharibu mfaa wa mlango.

Picha ya kwanza ni udongo wenyewe.

Picha ya pili ni ya kina, inayoonyesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Washa pasi ya Mist kwenye View Layer, kisha nenda World ukapange Start, Depth na Falloff. Falloff iwe Linear. Kosa kubwa hapa ni kuacha Depth ndefu kupita kiasi. Kamera yangu ilikuwa mita 7 kutoka ukutani. Nikiacha Depth ya mita 100, nyumba nzima inakuwa rangi moja ya kijivu, baraza linazama ukutani, na mashine inalichora kama mstari wa rangi. Nilipoweka Start 3 na Depth 8, baraza, ngazi na ukuta vilipata kila kimoja kijivu chake.

Mist hutoa cha karibu kikiwa cheusi, ilhali ControlNet ya depth inataka cha karibu kiwe cheupe. Geuza kwa kutumia nodi ya Invert kabla ya kuhifadhi. Ukisahau, utaona ndani ya mlango kunachomoza mbele kama kabati.

Picha ya tatu ni ya rangi bapa, na ndiyo inayotatua tatizo la weupe. Badili injini iwe Workbench, Lighting iwe Flat, Color iwe Object, na ulainishaji wa kingo uzime. Kisha kila kitu kipe rangi yake kwenye Viewport Display. Usichague rangi za ovyo. Chagua rangi ya wastani ya kitu halisi: mlango kahawia nzito, boriti kahawia iliyopauka, ukuta rangi ya maziwa, baraza rangi ya maziwa iliyokolea kidogo, ngazi kijivu cha saruji. Ngazi tatu zipe kijivu tatu zinazotofautiana kidogo.

Picha hii ya tatu ina kazi tatu, nami nimekuja kuipenda kuliko zote. Inatoa rangi ya kuanzia. Inatoa mistari isiyo na vivuli, kwa sababu mwanga haupo ndani yake. Na inatoa barakoa za kuchagua kitu kimoja kimoja kwa kubofya rangi yake. Ndiyo maana ngazi zilitakiwa zitenganishwe: zikiwa kitu kimoja chenye rangi moja, mistari kati yake inapotea.

## Hatua ya 5: Ondoa weupe kabla mashine haijauona

Fungua GIMP. Weka picha ya rangi bapa chini, udongo juu yake, na hali ya safu ya udongo iwe Multiply. Kabla ya hapo, kwenye Levels ya udongo, vuta alama ya mwanga mpaka sehemu zinazopigwa na jua zikaribie nyeupe, la sivyo picha nzima itatiwa giza.

Unachopata ni nyumba iliyochorwa kama katuni: rangi bapa zenye mwanga na kivuli sahihi. Ni mbaya kuitazama. Haina punje ya mbao wala doa la chokaa. Ila sasa mashine haiambiwi tena kwamba mlango ni mweupe.

Hifadhi kama PNG. Hii ndiyo itakayoingia ComfyUI kama picha ya mwanzo. Udongo mweupe wenyewe uweke kando, utarudi hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Awamu ya pili

Picha ya katuni ipite Load Image, kisha VAE Encode, iingie KSampler. Picha ya kina iingie ControlNet ya depth. Picha ya rangi bapa ipite kwenye Canny, iingie ControlNet ya pili. Mimi naanza na thamani hizi:

```
depth:    strength 0.7   start_percent 0.0   end_percent 0.8
canny:    strength 0.4   start_percent 0.0   end_percent 0.5
KSampler: steps 30   cfg 6   denoise 0.65
```

Canny inaachiwa mapema safarini kwa makusudi. Mwanzoni ndipo umbo linapokaa. Baada ya hapo ndipo ngozi ya vitu inapotengenezwa, na ukiendelea kuibana kwa mistari, kingo zote zinatoka kali kama zimekatwa kwa mkasi. Ukuta wa chokaa ya zamani hauna ukingo wa namna hiyo.

Maandishi yaandike kwa Kiingereza, kwa kuwa SDXL ilifunzwa zaidi kwa lugha hiyo na Kiswahili inakipapasa tu. Taja material na mwanga. Usiandike "clay" wala "white" kwenye maelezo ya kukubali, kwani utarudisha kile ulichokiondoa.

```
front of an old coral stone house, cream lime plaster with faint
stains, carved dark teak double door with brass studs, masonry
benches, ceiling of round mangrove poles, morning sun, photograph
```

Kwenye maelezo ya kukataa haya yananitosha:

```
monochrome, clay model, 3d render, cracks
```

Sasa funga seed, namba inayoanzisha bahati nasibu ya mashine, isibadilike, na utoe picha tatu, ukibadilisha denoise tu, yaani kiasi ambacho mashine inaruhusiwa kuibadilisha picha ya mwanzo: 0.45, 0.65 na 0.8. Usiruke jaribio hili, kwa sababu ndilo linalokufundisha modeli yako inavyofikiri. Kwangu, 0.45 ilitoa katuni iliyosuguliwa, mlango una rangi ya mbao lakini hauna punje. Kwa 0.65 mbao ilikuwa mbao, chokaa ikawa na madoa ya unyevu karibu na ardhi, na boriti 14 zilibaki 14. Kwa 0.8 kila kitu kilipendeza zaidi, ila boriti zilikuwa 13, na baraza la kulia lilikuwa limeota miguu.

Kama kwa 0.8 umbo linavurugika na kwa 0.65 material hazijakolea, usikimbilie kubadilisha maandishi. Pandisha strength ya depth hadi 0.85 na ujaribu denoise ya 0.7. Na kama bado nyumba nzima inatoka nyeupe, tatizo liko hatua ya 5: rangi zako bapa zimepauka mno. Rudi ukazikoleze.

Utajua umefaulu ukiona kila kitu kina material yake, hata kama haijawa nzuri, na hesabu kwenye karatasi inalingana.

## Hatua ya 7: Tengeneza material moja kwa wakati

Picha moja kwa maandishi mamoja haitakupa mlango mzuri na ukuta mzuri kwa pamoja. Sifa zinavuja: ukitia mkazo kwenye mbao nyeusi, na madirisha yanakuwa meusi, ukitaja shaba, boriti zinaanza kung'aa.

Chagua rangi ya mlango kwenye picha ya rangi bapa na uifanye barakoa. Itanue pikseli 6 hivi ili ukingo usiache uzi wa rangi ya zamani. Kwenye ComfyUI ipitishe kwa Set Latent Noise Mask, denoise 0.55, na maandishi yazungumzie mlango peke yake. Usitumie VAE Encode (for Inpainting) hapa. Hiyo inafuta kilichomo na inataka denoise ya 1.0, wakati wewe unataka kuendeleza kilichopo.

Mlango uliochukua pikseli 200 tu za upana hauna nafasi ya nakshi. Kata eneo lake, likuze hadi karibu 1024, lizalishe likiwa kubwa, kisha lipunguze na ulirudishe mahali pake. Tofauti ni kubwa: misumari ya shaba iliyokuwa vumbi la njano inakuwa misumari yenye kivuli chake.

Kwenye ukuta angalia kipimo. Sehemu ambazo chokaa imebanduka, mashine hupenda kuonyesha mawe makubwa kama matofali ya ngome. Linganisha na mlango. Ukijua mlango ni mita 2.2, na jiwe moja linaonekana robo ya mlango, jiwe hilo lina zaidi ya nusu mita, na mawe ya matumbawe ya kuta hizi ni madogo, ya umbo lisilo na mpangilio. Andika "small irregular rubble" na uzalishe eneo hilo tena.

## Hatua ya 8: Rudisha udongo uamue

Weka picha ya mwisho ndani ya GIMP na udongo mweupe juu yake. Washa na kuzima safu ya udongo, haraka haraka, ukitazama kona moja kila mara. Jicho linakamata kilichohama papo hapo. Chukua karatasi, hesabu ngazi, hesabu boriti, hesabu mapande ya madirisha. Hesabu kwa kidole. Ngazi ya ziada ni rahisi kupita machoni na ni ngumu kumweleza fundi aliyeiona kwenye picha.

Kisha weka safu ya udongo kuwa Multiply, uzito wa asilimia 20 hadi 30. Mashine ina tabia ya kuangaza sehemu za chini ya dari ili kila kitu kionekane. Safu hii inarudisha kivuli cha kweli mahali boriti zinapogusa ukuta na baraza linapokutana na sakafu, na nyumba inakaa chini badala ya kuelea. Ukiona kivuli kimoja kimekuwa viwili vinavyopishana, maana yake mashine ilihamisha jua. Usikifiche kwa kupunguza safu. Rudi hatua ya 6 ushushe denoise.

## Mahali njia hii inapoishia

Kioo, maji na chuma kilichong'arishwa haviwezi kuongozwa na udongo, kwa sababu sura yake inatokana na kile kinachoakisiwa, na udongo hauakisi. Kama nyumba ina bwawa mbele, lirendi kwa material ya kweli ndani ya Blender na uliunganishe baadaye.

Tatizo kubwa zaidi ni kamera ya pili. Ukigeuka ukarendi nyumba ileile kutoka pembeni na kurudia hatua zote, utapata mlango mwingine, wenye nakshi nyingine na madoa mengine ya chokaa, hata kwa seed ileile. Kwa mteja anayetaka picha moja ya kuona hali ya nyumba, hakuna neno. Kwa anayetaka picha sita, mimi huchukua mlango uliotoka vizuri kwenye picha ya kwanza, nikaunyoosha uwe bapa, nikaubandika kama tekscha juu ya mlango ndani ya Blender, na kwenye kamera zote zinazofuata mlango huo pekee unatolewa kwenye Override kwa kuuweka kwenye View Layer yake. Udongo unabaki kwa vilivyobaki, na mlango unaingia awamu ya pili ukiwa tayari umefunikwa na barakoa, usiguswe.